Goli Moja, Slaidi Nane

Dakika ya 36 ya fainali ya Kombe la Dunia 2022, kwenye Uwanja wa Lusail nchini Qatar, Ángel Di María aliifungia Argentina goli la pili dhidi ya Ufaransa. Karibu kila aliyelitazama analikumbuka, na anachokumbuka ni sehemu ya mwisho: mtu yuko peke yake upande wa kushoto, anaupandisha mpira kidogo juu ya kipa Hugo Lloris, wavu unatikisika, mfungaji analia. Ukiuliza kijiweni alipataje kuwa peke yake namna ile kwenye fainali ya dunia, utajibiwa kwamba mabeki wa Ufaransa walilala. Hawakulala. Walikuwa macho kupita kiasi, ila wote walikuwa wanatazama upande mmoja.

Hilo ndilo jambo ambalo karuseli inaweza kulieleza vizuri kuliko mtangazaji. Karuseli ni zile picha za Instagram unazozitelezesha kwa kidole moja baada ya nyingine. Mtangazaji ana sekunde chache kabla mpira haujaanza tena, na mchambuzi wa televisheni anachora mishale mitano juu ya picha inayotembea. Mwenye simu anakaa na slaidi moja kadiri anavyotaka, anarudi nyuma, anasonga mbele. Lakini faida hiyo inapatikana kwa sharti gumu: kila slaidi ibebe hali moja tu ya uwanjani, na mtazamaji wa kawaida aielewe bila kusoma aya.

Wengi wanaoanza kuchora mbinu za mpira wanakwama kwenye jambo dogo la vipimo. Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Slaidi inayojaza skrini vizuri ina pikseli 1080 kwa upana na 1350 kwa urefu. Ukiuchora uwanja mzima uliosimama ndani ya slaidi hiyo, kila mita inapata pikseli 13 hivi, na kwenye simu ambayo kioo chake kina upana wa sentimita saba, mita hiyo inakuwa haifiki hata milimita moja. Sasa fikiria beki aliyesimama mita mbili kutoka kwa mshambuliaji. Pale uwanjani mita mbili ni uhai wa mshambuliaji, ni nafasi ya kugeuka na kupiga. Kwenye slaidi yako watu hao wametengana kwa milimita moja na nusu, na kwa kuwa kila nukta lazima iwe na unene wa milimita tatu au nne ili ionekane, nukta zinapandana. Mtazamaji anaona mchezaji aliyebanwa mahali ambapo wewe unataka kumwonyesha mchezaji aliye huru.

Dawa ya kwanza inayokuja kichwani ni kukata uwanja, yaani kuonyesha eneo la mpira tu kwa ukubwa. Kwa mabao mengi inatosha. Kwa goli la Di María inaharibu kila kitu, kwa sababu ukilikata eneo la mpira upande wa kulia, Di María anatoka nje ya picha, na yeye ndiye habari yenyewe. Kamera ya televisheni ilifanya hivyohivyo, ilimfuata mpira, ndiyo maana wengi wetu tulimwona Di María alipokaribia kufunga tu. Kwa hiyo hapa tunakata urefu na kuuacha upana wote, mstari wa pembeni hadi mstari wa pembeni, na kuonyesha mita 50 au 60 za urefu. Nukta zitakuwa ndogo kuliko ambavyo ungependa, lakini yule wa kushoto atabaki kwenye kona ya kila slaidi.

Slaidi ya kwanza haina mishale wala majina. Ni uwanja, nukta za timu mbili, mpira upande wa kulia wa Argentina, na swali moja kwa herufi kubwa: nani yuko huru? Mabango mengi ya namna hii huanza na tarakimu za mfumo, 4-3-3 au 4-4-2, nami naona ni kupoteza slaidi. Tarakimu zinaeleza timu inavyosimama kabla ya mpira kuanza. Hazielezi kilichotokea dakika ya 36, wakati nusu ya wachezaji walikuwa mbali na mahali walipopangwa. Aidha, mtazamaji wa wikiendi akiona tarakimu anadhani ameingia darasani, na kidole chake kinaondoka.

Slaidi ya pili inarudi nyuma kidogo kueleza kwa nini Di María alikuwa kule. Kwa miaka mingi alizoeleka zaidi upande wa kulia. Kwa fainali ile kocha Lionel Scaloni alimrudisha kikosini na kumweka winga ya kushoto, mkabala na Jules Koundé. Koundé ni beki wa kati kwa asili aliyekuwa akicheza beki ya kulia, na mbele yake alikuwepo Ousmane Dembélé, winga anayependa kushambulia kuliko kurudi kukaba. Dawa ilianza kufanya kazi mapema: Dembélé ndiye aliyemwangusha Di María ndani ya boksi, na Lionel Messi akafunga penalti dakika ya 23. Upande wa pili, wa kulia, Argentina walijaza watu: Messi mwenyewe, Rodrigo De Paul, beki Nahuel Molina, na Julián Álvarez akitokea katikati kuwafuata. Chora hilo tu. Kundi la nukta kulia, nukta moja kushoto imekaa pembeni karibu na mstari. Maandishi ya slaidi yasizidi sentensi mbili: Argentina wanawaita Wafaransa kulia. Di María anasubiri kushoto.

Slaidi ya tatu ndiyo mwanzo wa shambulizi lenyewe. Ufaransa wanapoteza mpira kwenye nusu ya Argentina, upande wa kulia wa Waargentina, nao haraka unamfikia Alexis Mac Allister. Kinachotakiwa kuonekana hapa si mpira ulivyonyang'anywa. Ni mahali walipo Wafaransa wakati huo. Timu inayoshambulia imetawanyika, mabeki wamepanda, na nyuma yao kuna uwanja mtupu. Ukipaka kivuli chepesi kwenye eneo hilo tupu, umemaliza kazi. Watu huliita shambulizi la kushtukiza au kaunta, na mara nyingi wanalisifu kwa kasi. Kasi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba kwa sekunde chache wapinzani wanakuwa wamepangwa kwa ajili ya kazi nyingine.

Kisha anakuja Messi, na hapa slaidi inafika mwisho wa uwezo wake. Mac Allister anampa mpira karibu na katikati ya uwanja. Messi anausogeza kwa sehemu ya nje ya mguu wa kushoto, unamfikia Álvarez anayekimbia upande wa kulia, na mlango umefunguka. Ukiichora hali hiyo kwa nukta na mshale, unapata pasi fupi ambayo mtoto wa shule ya msingi angeweza kuipiga. Ugumu wote umepotea, kwa sababu ugumu ulikuwa kwenye mwili: Messi hakuwa amelitazama lango la Ufaransa sawasawa, wapinzani walikuwa karibu, na ule mguso ulimwondolea haja ya kugeuka kwanza. Mchezaji wa kawaida angetuliza, angegeuka, kisha angetazama. Kila hatua ya hizo inampa beki mita kadhaa za kurudi.

Nukta haina mgongo wala kifua. Wanaochora vizuri huipa kila nukta ncha ndogo, kama pua, inayoonyesha mchezaji ameelekea wapi. Ni kitu kidogo, lakini kinabadilisha slaidi nzima: sasa mtazamaji anaona kwamba pua ya Messi haielekei golini, na mshale wa pasi unatoka upande ambao pua haikuelekea. Pua hizohizo zitakusaidia kwa mabeki. Wachoree Wafaransa pua zao zote zikielekea kulia, ulipo mpira, na hutahitaji kuandika kwamba Di María amesahaulika.

Kuhusu mishale yenyewe, vitabu vya makocha havikubaliani. Wapo wanaochora pasi kwa mstari mzima na mbio za mchezaji kwa mstari wa vipande, na wapo wanaofanya kinyume chake. Kukokota mpira mara nyingi ni mstari wa mawimbi. Chagua utaratibu mmoja, uandike kwa udogo chini ya slaidi ya kwanza yenye mshale, na usiubadilishe hadi mwisho. Lililo muhimu zaidi ni idadi. Slaidi yenye mishale miwili inasomeka. Yenye mitano inakuwa fumbo, kwa sababu mtazamaji hajui upi ulitangulia. Picha iliyosimama haina saa. Ndiyo maana hali mbili zilizotokea kwa kufuatana zinahitaji slaidi mbili, hata kama zilitengana kwa nusu sekunde.

Na wakati wa kusimamisha picha? Simamisha pale mguu wa mpigaji pasi unapougusa mpira kwanza. Ukisimamisha mapema mno, hakuna uamuzi wa kuonyesha. Ukichelewa, mpira umeshafika na kila mtu anaonekana mjinga isipokuwa mpokeaji. Zaidi ya hapo, huo ndio wakati sheria inautumia kuamua kuotea, kwa hiyo slaidi iliyosimama hapo itajibu pia ubishi utakaofuata.

Slaidi ya tano ni ya mbio ambazo karibu hakuna aliyeziona. Baada ya kumpa Messi mpira, Mac Allister hakusimama kuangalia. Aliendelea kukimbia kwenda mbele, akawapita watu, na Álvarez alipoupata mpira alikuta tayari kuna mtu mbele yake wa kumpenyezea. Makocha wana jina la hesabu hii: mtu wa tatu. Wa kwanza anampa wa pili, lakini mpira unaokusudiwa ni wa wa tatu. Kwa beki ni mateso, kwa sababu macho yake yanamfuata mwenye mpira na yule anayeupokea. Wa tatu anatokea nyuma, bila mpira, wakati hakuna anayemhesabu. Hapa kuna mchezo wa ziada ambao unafaa kuchorwa, kwani wa kwanza na wa tatu ni mtu yuleyule. Mac Allister alitoa pasi, akageuka kuwa mtu wa tatu wa shambulizi alilolianzisha mwenyewe. Mshale mmoja wa vipande, mrefu, kutoka katikati ya uwanja hadi karibu na boksi. Usiweke kingine.

Slaidi ya sita ndiyo ningeipa muda mrefu kuliko zote. Mac Allister ana mpira, anaingia upande wa kulia wa eneo la hatari. Mabeki wanaorudi wamevutwa upande wake. Kushoto, Di María anakuja. Hii ni hali ya zamani kuliko mbinu zote za kisasa, wawili dhidi ya mmoja, na kila aliyewahi kucheza mchangani anaijua kwa miguu hata kama hana jina lake. Beki akimfuata mwenye mpira, anamwacha mwenzake. Akimfuata mwenzake, mwenye mpira anapiga golini. Hana jibu sahihi. Ana jibu baya na jibu baya zaidi. Anachoweza kufanya ni kuchelewesha, akae katikati ya wawili hao, aombe wenzake wafike.

Kwa hiyo swali la mshambuliaji ni lini atoe pasi, na hilo linaweza kuelezwa kwa hesabu nyepesi. Tuchukue mfano wa pasi ya mita 15 inayokwenda kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Itachukua sekunde moja kufika. Beki anayekimbia kwa nguvu zote anaweza kufunika mita saba au nane kwa sekunde hiyo. Akiwa mita tano kutoka kwa mpokeaji, atafika pamoja na mpira. Akiwa mita kumi, hafiki. Kazi ya mwenye mpira ni kumvuta beki hatua mbili tatu zaidi upande wake, ili tano igeuke kumi, kisha aachie. Akivuta kupita kiasi, beki anakuwa karibu mno na pasi inagonga mguu wake. Ukiwaona washambuliaji wawili wamebaki na beki mmoja na bado wakakosa, mara nyingi ubaya ulikuwa kwenye sekunde hiyo, wala si kwenye shuti. Mac Allister aliachia kwa wakati. Slaidi hii inabeba mshale mmoja wa pasi kutoka kulia kwenda kushoto, na duara jepesi kuonyesha umbali ambao beki wa karibu anaweza kufika kabla ya mpira. Di María yuko nje ya duara. Maneno hayahitajiki.

Hapo ndipo swali la kuotea linapoingia, na halikwepeki. Inafaa kulijibu kwa mstari mmoja ulionyooka ukikata uwanja kwa upana. Mchezaji yuko kwenye nafasi ya kuotea akiwa kwenye nusu ya wapinzani, mbele ya mpira, na mbele pia ya mpinzani wa pili kutoka mwisho. Yote matatu lazima yatimie. Wengi wanakumbuka la mpinzani na kusahau la mpira, hivyo wakiona mtu amebaki na kipa tu wanapiga kelele. Aliye nyuma ya mpira wakati pasi inapotoka haotei, hata mbele yake kuwe na kipa peke yake au lango tupu.

Slaidi ya saba ni goli, nayo iwe fupi. Di María, mguu wa kushoto, Lloris ametoka. Hakuna mbinu ya kufundisha hapo isipokuwa utulivu, na utulivu hauchoreki.

Neno la pembeni kuhusu rangi. Anayechora Derby ya Kariakoo atataka Simba wawe wekundu na Yanga wawe kijani, na uwanja nao uwe kijani kama nyasi. Nyekundu na kijani ndizo rangi ambazo wenye tatizo la kutofautisha rangi huzichanganya zaidi, na wengi wao ni wanaume, yaani sehemu kubwa ya wasomaji wako. Nukta za kijani juu ya nyasi za kijani nazo zinapotea kwa kila mtu, hasa juani. Paka uwanja kijivu au krimu, timu moja nukta zilizojazwa, nyingine zenye duara tupu, kisha rangi za klabu ziwe mapambo juu yake. Mashabiki watalalamika siku ya kwanza.

Kujua kama slaidi imefaulu ni rahisi kuliko kuichora. Ziba maandishi kwa kidole gumba, mwonyeshe mtu anayetazama mpira kwenye kibanda umiza na hajawahi kusoma uchambuzi wowote, umwombe aonyeshe nani atapewa mpira. Akigusa nukta sahihi, slaidi imesimama. Akigusa nyingine, usimweleze. Muulize ameona nini. Mara nyingi atakuwa ameona kitu ulichokichora bila kukusudia, kwa mfano nukta kubwa kuliko nyingine au mshale unaoishia karibu na mtu asiyehusika. Na akisema mabeki walilala, rudi kwenye pua zao.

Imebaki slaidi ya nane, ambayo wachoraji wengi huijaza sifa. Ningeiachia Ufaransa. Dakika ya 41, kabla hata ya mapumziko, kocha Didier Deschamps alimtoa Dembélé pamoja na Olivier Giroud, akawaingiza Marcus Thuram na Randal Kolo Muani. Ni nadra kocha kukiri namna hiyo kwenye fainali, na mtazamaji aliyefuata slaidi saba anaelewa sasa ni upande gani uliokuwa unavuja. Dakika ya 64 Scaloni naye akamtoa Di María na kumwingiza Marcos Acuña, ambaye ni beki. Kona ya kushoto ya slaidi zetu ikabaki bila yule mtu, na Wafaransa wa upande huo wakapata ruhusa ya kupanda.

Si haki kudai kwamba badiliko hilo peke yake ndilo lililowarudisha Wafaransa mchezoni. Kulikuwa na uchovu, kulikuwa na Kylian Mbappé, na goli lake la kwanza dakika ya 80 lilikuwa penalti. La pili lilikuja dakika moja baadaye, na hilo linastahili karuseli yake: Kingsley Coman anampokonya Messi mpira, Mbappé anagongeana na Thuram, kisha anapiga kabla mpira haujagusa chini. Mchezo uliishia 3-3 na Argentina wakashinda kwa penalti 4-2. Anayetaka kuchora goli hilo la pili aanze na slaidi ambayo Messi bado ana mpira mguuni, auonyeshe upana wote wa uwanja, na awahesabu Waargentina waliokuwa wameelekea mbele.